Washa au maganda: kutafuta kosa pale ujazo wa mzunguko unapokataa, mhimili ukiwa umehamishwa

Karibu mwongozo mzima unatumia eneo moja, ili namba ziweze kulinganishwa. Eneo hilo limefungwa na parabola y = 4x − x² upande wa juu na mstari y = x upande wa chini. Viwili hivi vinakutana pale 4x − x² = x, yaani x = 0 na x = 3, kwenye nukta (0, 0) na (3, 3). Kilele cha parabola kiko (2, 4), juu zaidi ya nukta ya pili ya makutano. Kikumbuke kilele hicho, maana ndicho kinachozaa nusu ya makosa yatakayofuata. Ukubwa wa eneo ni ∫₀³ (3x − x²) dx = 13.5 − 9 = 4.5.

Tunalizungusha eneo hili kwenye mhimili x = −1, halafu baadaye kwenye y = 5. Jibu sahihi la x = −1 ni 22.5π. Ukipata namba nyingine, tafuta dalili yako hapa chini.

Dalili: integrali zimekuwa mbili, zimejaa vipeuo vya pili, na hujui ulikosea wapi

Huenda hujakosea hesabu hata kidogo. Umechagua njia ngumu, na sababu yake ni kwamba uliuangalia mhimili kabla ya kuliangalia eneo.

Utaratibu unaookoa muda ni huu. Chora eneo, usahau mhimili kwa dakika moja, kisha ukate ukanda mwembamba ndani yake. Jaribu kwanza ukanda wa wima. Katika eneo letu, popote utakapouweka kati ya x = 0 na x = 3, kichwa chake kinagusa parabola na mguu wake unagusa mstari. Haubadilishi mwenyeji hata mara moja. Sasa jaribu ukanda wa mlalo. Chini ya y = 3 unaanzia kwenye parabola upande wa kushoto na kuishia kwenye mstari. Juu ya y = 3 unaanzia kwenye parabola na kuishia kwenye parabola hiyohiyo upande wa pili. Mwenyeji wa kulia amebadilika katikati ya safari, kwa hiyo lazima integrali igawanywe. Juu ya hilo, lazima y = 4x − x² igeuzwe iwe x = 2 ± √(4 − y). Ukanda wa wima umeshinda.

Baada ya hapo ndipo urudishe mhimili. Ukanda ulio sambamba na mhimili, ukizungushwa, unafanya ganda la silinda. Ukanda unaoukata mhimili kwa pembemraba unafanya washa, yaani duara kubwa lililotobolewa duara dogo. Mhimili x = −1 ni wa wima na ukanda wetu ni wa wima, basi ni maganda. Ukanda ndio unaochagua njia, na mhimili unatoa jina tu. Kuhamisha mhimili kutoka x = 0 kwenda x = −1 hakubadilishi uchaguzi huo kamwe. Kunabadilisha nusukipenyo peke yake.

Ganda moja lina nusukipenyo r, kimo h na unene dx. Ukilipasua na kulikunjua unapata bamba lenye urefu 2πr, kimo h na unene dx. Hapa r ni umbali kutoka x = −1 hadi x, yaani x − (−1) = x + 1, na h = (4x − x²) − x = 3x − x². Kwa hiyo:

V = 2π ∫₀³ (x + 1)(3x − x²) dx
V = 2π ∫₀³ (−x³ + 2x² + 3x) dx
V = 2π (−20.25 + 18 + 13.5) = 22.5π

Kwa washa kazi ileile inakuwa hivi:

V = π ∫₀³ [(y + 1)² − (3 − √(4 − y))²] dy + π ∫₃⁴ [(3 + √(4 − y))² − (3 − √(4 − y))²] dy

Integrali ya kwanza inatoa 14.5π, ya pili 8π, na jumla ni 22.5π. Jibu ni lilelile, ila kila mstari wa ziada ni nafasi nyingine ya kukosea alama.

Usije ukahitimisha kwamba mhimili wa wima maana yake ni maganda siku zote. Chukua eneo lililofungwa na x = y² na x = y + 2, ambapo y inaenda kutoka −1 hadi 2. Hapa ukanda wa mlalo ndio usiobadilisha mwenyeji, huku wa wima ukibadilisha mguu pale x = 1. Zungusha kwenye x = −2: ukanda wa mlalo unaukata mhimili kwa pembemraba, basi ni washa, na V = π ∫ [(y + 4)² − (y² + 2)²] dy kutoka −1 hadi 2, ambayo ni 32.4π. Mhimili ni wa wima kama ule wa mwanzo, lakini njia imegeuka kwa sababu eneo limegeuka.

Kipimo cha kulinganishia jibu, kabla ya kuendelea na dalili

Kuna vipimo viwili, kimoja cha haraka na kingine cha uhakika.

Cha haraka: nukta zote za eneo letu ziko umbali kati ya 1 na 4 kutoka x = −1. Basi ujazo lazima uwe kati ya 2π·1·4.5 = 9π na 2π·4·4.5 = 36π. Jibu lolote nje ya hapo ni la kutupwa bila kujadili.

Cha uhakika ni kanuni ya Pappus wa Aleksandria, iliyokuja kuenezwa tena na Paul Guldin katika karne ya 17: ujazo ni ukubwa wa eneo mara njia inayosafiriwa na kitovu cha eneo. Kimo 3x − x² kina ulinganifu kuzunguka x = 1.5, kwa hiyo kitovu kiko x = 1.5 bila hesabu yoyote. Umbali wake kutoka x = −1 ni 2.5, na V = 2π·2.5·4.5 = 22.5π. Kwa bahati ya ulinganifu huohuo, mhimili x = 4 nao unatoa 22.5π, maana uko umbali uleule kutoka kwenye kitovu. Mtihani mwingi hautakubali Pappus iwe ndiyo kazi yako yote, lakini hakuna anayekukataza kuitumia pembeni ya karatasi.

Dalili: umepata 4.5π

Namba hii iko chini ya 9π, kwa hiyo kipimo cha haraka kinaikamata. Chanzo ni kuandika nusukipenyo kama x − 1 badala ya x + 1. Mtu anaona "−1" kwenye x = −1 na kuihamisha na alama yake kama ilivyo. Nusukipenyo ni umbali, na umbali ni kubwa toa ndogo: x iko kulia, −1 iko kushoto, basi x − (−1).

Njia nzuri ya kujiangalia ni kuweka namba. Kwenye x = 0 nusukipenyo inapaswa kuwa 1, na kwenye x = 3 inapaswa kuwa 4. Usemi x − 1 unatoa −1 na 2. Nusukipenyo iliyo hasi mahali popote ndani ya mipaka ni kengele. Mhimili ukiwa kulia, kwa mfano x = 4, mambo yanageuka: mhimili ndio mkubwa, na nusukipenyo ni 4 − x. Ukiandika x − 4 utapata −22.5π. Wengi huifuta alama ya kutoa na kuendelea. Safari hii wanapona, ila tabia hiyo itawaangusha kwenye dalili ya mwisho ya mwongozo huu.

Dalili: umepata 13.5π

Hili ni jibu la mhimili x = 0. Kwenye maganda maana yake uliandika x peke yake kama nusukipenyo. Kwenye washa kuna chanzo kingine kilichojificha zaidi, nacho ni kuongeza 1 baada ya kupandisha kipeo cha pili. Ukiandika (y² + 1) − (x² + 1), zile 1 mbili zinafutana na mhimili unarudi kwenye x = 0 bila wewe kujua. Nyongeza inaingia ndani ya mabano, kabla ya kipeo: (y + 1)², siyo y² + 1.

Dalili: umepata 64π/3, yaani karibu 21.33π

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu iko karibu sana na 22.5π na inapita kipimo cha haraka bila shida. Kosa liko kwenye mpaka wa chini: integrali imeanzia −1 badala ya 0. Wazo linalompeleka mtu huko ni kwamba mzunguko unaanzia kwenye mhimili. Lakini mipaka inasema ukanda unapatikana wapi, na kati ya x = −1 na x = 0 hakuna eneo. Katika sehemu hiyo 3x − x² ni hasi, kwa hiyo integrali inapunguza kidogo badala ya kuongeza, na jibu linaonekana la heshima. Kinachobaki kati ya mhimili na eneo ni tundu, na tundu halina ujazo.

Ndugu yake ni 1.5π. Huyu amehamisha mhimili mara mbili: ameweka mipaka kutoka 1 hadi 4, kama mtu aliyetumia kigeu kipya u = x + 1, lakini ndani ya integrali ameacha (x + 1)(3x − x²). Ukitaka kutumia u, kila kitu kihame pamoja: nusukipenyo inakuwa u, kimo kinakuwa 3(u − 1) − (u − 1)², mipaka inakuwa 1 hadi 4, na jibu linarudi 22.5π. Nusu ya kuhama haipo.

Dalili: umepata 49.5π

Umevuka dari ya 36π. Kimo cha ganda kimechukuliwa kama 4x − x² badala ya 3x − x², yaani ukanda umeteremshwa hadi kwenye mhimili wa x wakati mguu wake unaishia kwenye mstari y = x. Umezungusha na pembetatu iliyo chini ya mstari. Ukichora ukanda mmoja tu na kuandika usemi wa kichwa na wa mguu kwenye ncha zake, kosa hili halitokei.

Jibu likiwa nusu kamili ya lile sahihi, 11.25π, usisumbuke sana: uliandika π ya washa mbele ya maganda, badala ya 2π.

Dalili: umetumia washa na kupata 14.5π, au 88π/3

Yote mawili yanatoka kwenye kile kilele cha (2, 4). Mwenye 14.5π amekomea y = 3, mahali parabola na mstari vinapokutana, akidhani makutano ndiyo mwisho wa eneo. Amekosa kofia iliyo kati ya y = 3 na y = 4, yenye 8π.

Mwenye 88π/3, karibu 29.33π, amefika y = 4 lakini kwa integrali moja, akiuacha mstari x = y uwe ukingo wa kulia hadi juu. Juu ya y = 3 mstari huo uko nje ya parabola. Amezungusha kipande kisichokuwa cha eneo. Angalia kwamba kipimo cha haraka kinaipitisha namba hii, maana 29.33π iko chini ya 36π. Ni Pappus pekee anayeikataa.

Dalili: jibu ni hasi, mhimili ukiwa juu ya eneo

Sasa zungusha eneo lilelile kwenye y = 5. Ukanda rahisi bado ni wa wima, kwa sababu eneo halijabadilika. Mhimili sasa ni wa mlalo, kwa hiyo ukanda unaukata kwa pembemraba, na zamu hii ni washa, kwa dx. Kwa maganda hapa ungelazimika kutumia kanda za mlalo na kurudi kwenye integrali mbili.

Ukipata −23.4π umebadilishana nusukipenyo ya nje na ya ndani. Tumezoea kwamba mchoro wa juu ndio wa nje, na ni kweli mhimili ukiwa chini ya eneo, kama y = −1. Mhimili ukiwa juu, mchoro wa chini ndio ulio mbali. Nusukipenyo ya nje ni 5 − x, ya ndani ni 5 − (4x − x²) = x² − 4x + 5.

V = π ∫₀³ [(5 − x)² − (x² − 4x + 5)²] dx
V = π ∫₀³ (−x⁴ + 8x³ − 25x² + 30x) dx
V = π (−48.6 + 162 − 225 + 135) = 23.4π

Jaribu kwenye x = 2: nje ni 3, ndani ni 1. Ya nje ni kubwa, basi mpangilio ni sahihi. Kitovu kiko y = 2.4, umbali wa 2.6 kutoka y = 5, na 2π·2.6·4.5 = 23.4π.

Mabano ya 5 − (4x − x²) yasiachwe. Ukiandika 5 − 4x − x², kwenye x = 2 unapata −7 mahali palipotakiwa 1. Kipeo cha pili kitaificha hasi hiyo, kwa hiyo ikamate mapema kwa namba.

Dalili: jibu ni 8.1π, na halibadiliki ukihamisha mhimili

Jaribu mwenyewe: fanya kazi kwa y = 5, kisha kwa y = 8. Kama majibu yanafanana, umepandisha tofauti kwenye kipeo cha pili badala ya kutoa vipeo. (R − r)² ni (3x − x²)², na ndani yake mhimili umefutika kabisa, kwa sababu R − r ni kimo cha ukanda tu. Washa ni duara kubwa lililotobolewa duara dogo, πR² − πr². Ukilisogeza eneo mbali na mhimili, ujazo lazima ukue. Fomula isiyojua mhimili uko wapi haiwezi kuwa ya ujazo huu.

Dalili: kila hatua ni sahihi, lakini mhimili unapita ndani ya eneo

Swali likisema x = 1, nusukipenyo x − 1 ni hasi kuanzia 0 hadi 1. Integrali ya moja kwa moja inatoa 4.5π, ile namba ya mwenye alama mbaya, na hapa pia ni batili: sehemu ya kushoto imetolewa badala ya kujumlishwa. Ukirekebisha kwa thamani kamili |x − 1| unapata 37π/6, karibu 6.17π, na hiyo nayo imezidi. Sehemu ya kushoto ikizunguka inaingia mahali ambapo sehemu ya kulia imeshapita, na ujazo uleule umehesabiwa mara mbili. Pappus naye hafanyi kazi hapa, kwa sababu kanuni yake inataka eneo lote liwe upande mmoja wa mhimili.

Dawa ni kulikunja eneo kwenye mhimili na kuzungusha muungano wa pande mbili. Kwa umbali d kutoka x = 1, ukanda wa kulia unaanzia 1 + d hadi 3 + 2d − d², na ule wa kushoto, ambao upo kwa d kati ya 0 na 1 tu, unaanzia 1 − d hadi 3 − 2d − d². Upande wa kulia peke yake una 16π/3. Kutoka kushoto unaongeza tu kile kinachochungulia chini ya 1 + d. Mwanzoni kipande hicho kina kimo 2d. Baada ya d = (−3 + √17)/2, karibu 0.56, ukanda wote wa kushoto uko chini ya ule wa kulia, na kimo kinakuwa 2 − d − d². Nyongeza hiyo ni karibu 0.61π, na ujazo wote ni karibu 5.94π.